Chaneli ya usharika iwe mali ya usharika

Sharika nyingi huanza chaneli ya YouTube kwa namna moja. Kijana wa kwaya mwenye simu nzuri anarekodi ibada, anafungua chaneli kwa barua pepe yake, wimbo unapendwa na wafuasi wanaongezeka. Siku akipata kazi mkoa mwingine, hakuna anayeweza kuweka hata tangazo la harambee. Kuachiana nywila hakusaidii sana, kwa sababu ukiingia kwa simu ngeni, Google mara nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenyewe, naye huenda yuko safarini au amebadilisha laini.

Dawa yake ni kuihamishia chaneli kwenye akaunti ambayo Google huiita Brand Account. Hii haina nywila yake. Kila mhusika huingia kwa barua pepe yake mwenyewe, na jina lake likiondolewa kwenye orodha hana njia tena, bila wengine kusumbuliwa. Mwenye cheo cha Owner huongeza na kuondoa watu. Mwenye cheo cha Manager hupandisha video na kurusha matangazo, lakini hawezi kumwingiza wala kumtoa mtu. Juu ya wote yuko Primary owner, ambaye ni mmoja tu.

Uhamisho anaufanya yule kijana, wakati bado yupo na mnaelewana, kupitia Advanced settings za YouTube. Hapa kuna hatari moja: ikiwa Brand Account mnayohamia tayari ina chaneli, chaneli hiyo hufutwa pamoja na video zake. Hakikisheni kwanza kuwa akaunti hiyo ni tupu. Kisha aingie myaccount.google.com/brandaccounts na kuwaalika wamiliki. Mimi ningeweka watatu: barua pepe ya ofisi ya usharika, katibu wa baraza la wazee na mwenyekiti wa kwaya. Vijana wa kamera wawe Manager. Ofisi ndiyo iwe Primary owner, ila Google hutaka mtu awe Owner kwa zaidi ya siku 7 kabla ya kupewa nafasi hiyo. Anayehama Jumapili asianze kazi hii Jumamosi.

Barua pepe ya ofisi nayo ilindwe. Laini yake ya simu iwe inatumika, maana laini inayolala kabatini bila salio hufungwa. Google pia hutoa namba 10 za akiba, zinazoitwa Backup codes, kila moja ikitumika mara moja. Zichapeni, mziweke kwenye bahasha ndani ya sefu pamoja na hati za usharika.

Umiliki ukishakaa sawa, swali linalofuata ni nani anaruhusiwa kuonekana. Chukueni ibada ya kipaimara. Wanaosimama mbele ni watoto, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Msisubiri asubuhi ya ibada kutangaza kwamba "leo tuko mubashara". Wekeni ruhusa kwenye fomu ya mafundisho ambayo mzazi anaisaini, na maswali yawe mawili tofauti: mtoto aonekane kwenye matangazo ya moja kwa moja? Video yake ibaki kwenye chaneli baadaye? Wapo wazazi watakaokubali la kwanza na kukataa la pili, na wana haki hiyo.

Mzazi akikataa, mtoto asitengwe. Kamera ndiyo ipangwe. Iwekwe upande mmoja, watoto hao wakae safu ambazo haizifikii, na wakati wa kuwekewa mikono mpiga picha ahamie kwaya kwa dakika hizo. Pengo ambalo wengi hulisahau ni kipaza sauti: mchungaji anapoita majina matatu ya kila mtoto, sauti inakwenda hewani hata kama sura haionekani. Fundi mitambo awe na orodha ya watoto hao mkononi na ajue lini azime sauti ya matangazo.

Kama lengo ni bibi aliyeko Bukoba aone, chagueni Unlisted, ili ibada ionwe na mwenye kiungo tu. Kumbukeni kiungo husambaa kwenye makundi ya WhatsApp, hivyo hii haichukui nafasi ya ruhusa ya mzazi. Chaneli ambayo haijawahi kurusha mubashara inaweza kuchukua hadi saa 24 kufunguliwa huduma hiyo, na kurusha kwa simu kunahitaji angalau wafuasi 50. Fanyeni jaribio wiki moja kabla, kwa Private.

Kabla ya kikao kijacho cha baraza la wazee, mwombeni anayeshika chaneli yenu awafungulie ukurasa wa wamiliki. Mkikuta jina moja tu, hiyo iwe ajenda ya kwanza.