Kila Mtu Tatu: Mafunzo Matano Niliyopata Nikipima Kazi za Wenzangu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkuu wa zamu ya usiku katika nyumba moja ya kulelea wazee hapa Birmingham. Mwaka wa kwanza nilikabidhiwa fomu za tathmini za wafanyakazi 14. Kila fomu ilikuwa na vipengele sita, na kila kipengele kilipewa alama kuanzia 1 hadi 5. Nilizijaza zote Jumapili moja mchana, mezani kwangu, Small Heath. Kati ya alama 84 nilizotoa, 73 zilikuwa tatu, tisa zilikuwa nne, na mbili tu zilikuwa mbili.

Niliamini nimetenda haki. Wiki mbili baadaye, mama mmoja wa Tanga, mfanyakazi hodari kuliko wote niliokuwa nao, alinisubiri kituo cha basi asubuhi tulipotoka kazini. Aliniambia, "Kaka, kama mimi ni tatu na yule naye ni tatu, basi niambie kwa nini nihangaike kuwageuza wazee usiku kucha." Sikuwa na jibu. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo.

1. Tatu nyingi maana yake hukuangalia

Wataalamu wa upimaji wanalijua kosa hili tangu zamani: mpimaji anakwepa ncha zote mbili na kuwarundika watu katikati. Nilipojichunguza niliona chanzo chake kwangu. Baadhi ya watu wale nilikuwa nao zamu tatu au nne tu kwa mwezi, nami nilitakiwa kuhukumu kazi yao ya mwaka mzima kwa kumbukumbu. Mtu asiyejua huchagua alama ambayo hawezi kuulizwa.

Fomu nayo ilinisukuma huko huko. Aliyetoa 1 au 5 alipaswa kuandika maelezo na kuambatisha ushahidi. Aliyetoa 3 hakudaiwa hata neno moja. Ukiwa na fomu 14 na siku moja ya mapumziko, utakwenda kwenye njia isiyo na kazi ya ziada.

Dawa yake ni daftari. Sasa, kila mwisho wa wiki, naandika kwa kila niliyefanya naye kazi tukio moja au mawili niliyoyaona mwenyewe, zuri au baya, pamoja na tarehe. Tathmini inapofika, nasoma daftari kabla ya kugusa fomu. Kama mtu hana maandishi ya kutosha, namwomba mkuu mwingine wa zamu aliyemwona aniongezee.

2. Huruma nayo ni kosa la kipimo

Mwenzangu wa zamu ya mchana alikuwa na watu 12. Yeye alitoa nne 58, tano 10 na tatu nne. Wastani wake ulikuwa 4.08, wangu 3.08. Hilo ni kosa la pili, la ulegevu: alama zote zinapandishwa juu kwa upole.

Simlaumu, maana namjua alivyofikiri. Wengi wa watu wetu walikuja kwa viza ya wafanyakazi wa afya na malezi, iliyofunguliwa kwa walezi Februari 2022. Aliye na viza hiyo akipoteza kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mwajiri mwingine mwenye leseni au aondoke nchini. Nani atampa alama 2 mtu ambaye watoto wake wanasoma shule ya jirani? Tena unamwandikia ukijua kesho mtakaa ana kwa ana, asome na kutia sahihi.

Lakini tazama huruma ile ilivyoishia. Uongozi uliamua kwamba kila mwenye wastani wa 3.5 na kuendelea apate nyongeza. Watu wote wa mchana walipata. Wa usiku hakupata hata mmoja, pamoja na yule mama. Makosa yetu mawili yalipokutana, pesa zilifuata tabia ya mpimaji, na kazi ya mpimwa haikuhesabika.

3. Alama zilinganishwe na kitu ambacho hakikutoka kwa mpimaji

Wastani wa juu peke yake hauthibitishi ulegevu. Huenda kikosi ni kizuri kweli. Na kuna vipengele ambavyo watu hufanana kwa haki. Kwetu, kufika kazini kwa wakati ni kimojawapo.

Basi nilichukua chati za kuwageuza wazee wasioweza kujigeuza. Kwa walio katika hatari kubwa ya vidonda vya kulala kitandani, mpango wetu ulisema wageuzwe kila baada ya saa nne. Chati za yule mama zilikuwa na saa tofauti tofauti: 22:10, 22:25, 22:50, pamoja na maelezo mafupi juu ya ngozi. Chati za mwenzake mmoja zilionyesha wazee wanne, vyumba vinne, wote wamegeuzwa saa 22:00 kamili, kisha 02:00, kisha 06:00, kwa wino uleule na mwandiko wa haraka uleule. Haiwezekani mtu awe vyumba vinne kwa dakika moja. Chati zile zilijazwa kwa mkupuo, zamu ikiisha. Watu hao wawili niliwapa alama sawa.

4. Namba iambatane na kitendo

Ukisema tatu ni "wastani", kila mtu hulijaza neno hilo maana yake. Mwaka 1963 Patricia Smith na Lorne Kendall walipendekeza kipimo ambacho kila ngazi inaelezwa kwa mwenendo unaoonekana. Tulifanya hivyo kwa kipengele cha kugeuza. Mbili: chati ina mapengo au imejazwa kwa mkupuo. Tatu: amegeuza kwa wakati na ameandika palepale. Tano: pamoja na hayo, ameona wekundu kwenye ngozi na kumwarifu muuguzi kabla haujawa kidonda.

Pia niliacha kumaliza mtu mmoja ndipo niende kwa mwingine. Sasa nachukua kipengele kimoja na kuwapima wote 14, ndipo niende cha pili, kwa sababu tofauti kati ya watu huonekana wanapowekwa kando kwa kando. Kisha mimi na mwenzangu wa mchana tunakaa, kila mmoja anasoma tukio lililomfanya atoe alama fulani, na mwingine anauliza. Mwaka uliofuata tatu zangu zilishuka kutoka 73 hadi 41. Yule mama alipata tano kwenye kugeuza. Mwenzake alipata mbili, nikamwonyesha chati zake na tukapanga mafunzo.

5. Usilazimishe mgawanyo

Katika kikao kimoja cha kazini, mtu mmoja alipendekeza tufuate mtindo uliovumishwa na Jack Welch alipoongoza kampuni ya General Electric: asilimia 20 juu, 70 katikati, 10 chini. Ni kweli unavunja rundo la katikati. Lakini asilimia 10 ya watu 14 ni mtu mmoja na nusu hivi, na lazima apatikane hata kama wote wanafanya kazi vizuri. Atakayeangukia huko ataumizwa na hesabu, na wenzake wataacha kusaidiana wakiogopa zamu yao. Microsoft, iliyokuwa ikipanga watu wake kwa namna kama hiyo, iliachana nayo Novemba 2013.

Wewe unayejaza fomu za wenzako mwaka huu, zihesabu tatu zako kabla ya kutia sahihi. Kwa kila moja, jiulize ni siku gani ulimwona mtu huyo akifanya kazi hiyo. Kama hukumbuki hata siku moja, usiiandike. Nenda kwanza ukamwangalie.