Kitenzi Kisicho na Mtendaji

*Bwana Mhariri, mimi ni karani wa kamati ya bwawa la mchanga huku Migwani. Katika kumbukumbu za kikao cha michoro niliandika "kimo cha ukuta kitaangaliwa upya", na sasa mhandisi na mpimaji kila mmoja amngoja mwenziwe. Nifanyeje? – Karani, Migwani*

Ndugu Karani, taabu yako haikutokana na uvivu wa mtu, bali na neno "kitaangaliwa", ambalo halimtaji mtendaji wala muda, wala halibainishi kama shauri lilikwisha kukatwa. Tenga uamuzi na kazi, ukaandike hivi: "Uamuzi: kizingiti cha njia ya mafuriko kiwe mita 2 juu ya mwamba; mchoro wa 4, toleo B, umebatilika. Kazi: mpimaji atathibitisha kiwango cha mwamba Jumatano, mhandisi atatoa toleo C Ijumaa." Kila kazi na iwe na mwenyewe mmoja, tena aliyehudhuria, maana asiyekuwapo hukana. Lililosalia liandike "halijaamuliwa", pamoja na atakayelikata. Wasomee waliohudhuria maneno hayo kabla hawajatawanyika. Wakihitilafiana juu ya kipimo chenyewe, usisuluhishe kwa kalamu: mwite mhandisi mwenye dhamana mbele ya mwenyekiti, na zege lisimwagwe mpaka atie sahihi.