Kichwa cha Video na Hesabu Mbili za Watazamaji

Video iliyotengenezwa kwa uangalifu yaweza kukosa watazamaji kwa sababu ya maneno machache tu yaliyoandikwa chini ya picha yake. Yaweza pia kupata watu wengi wanaoingia na kutoka papo hapo, kwa sababu maneno hayo yamewaahidi kitu ambacho hakimo. Mtandao wa YouTube humpa mwenye video hesabu mbili zinazosaidia kutambua hali hizi. Kila moja, ikisomwa peke yake, hupotosha. Zikisomwa pamoja, huonyesha kama kosa limo katika kichwa au katika video yenyewe.

Maana ya hesabu hizo

Hesabu ya kwanza ni kiwango cha kubofya. Kijipicha cha video na kichwa chake vinapotokea mbele ya mtu, YouTube huhesabu onyesho moja, mradi angalau nusu ya kijipicha imeonekana kwenye kioo kwa zaidi ya sekunde 1. Kiwango cha kubofya ni idadi ya maonyesho, katika kila 100, yaliyomfanya mtu aifungue video. YouTube imeeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote huwa na kiwango kati ya asilimia 2 na 10. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuwa kipimo cha haki. Kipimo bora ni video nyingine za chaneli ile ile.

Hesabu ya pili ni kiwango cha kubaki. Hii huchorwa kama mstari unaoshuka kadiri watazamaji wanavyoondoka. Sehemu inayohusu kichwa zaidi ni sekunde 30 za kwanza, kwani hapo ndipo mtazamaji hulinganisha alichoahidiwa na anachokiona. Mstari ukiporomoka katika dakika ya tano, si rahisi kukilaumu kichwa. Yafaa kuchunguzwa maelezo ya dakika hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba anayefungua video kwa kiungo alichotumiwa na ndugu yake kwa WhatsApp haingii katika hesabu ya maonyesho, ingawa kutazama kwake huhesabiwa. Mtu huyo amekuja kwa neno la ndugu yake, wala si kwa kichwa. Ndiyo maana jumla ya waliotazama mara nyingi huzidi idadi ya waliobofya.

Mfano wa bwana shamba

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Bwana shamba mmoja ametengeneza video ya dakika 8 inayoonyesha jinsi ya kukausha mahindi, kuyajaza katika mfuko usiopitisha hewa na kuufunga barabara, ili dumuzi afe kwa kukosa hewa. Mdudu huyu, aliyetambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, aweza kugeuza mahindi ya ghalani kuwa unga katika miezi michache. Kwa hiyo mkulima asiyeiona video hiyo baada ya mavuno aweza kupata hasara ya kweli. Kichwa chake kilikuwa: "Teknolojia ya Kisasa ya Hifadhi ya Nafaka".

Baada ya siku 7 video ilikuwa imepata maonyesho 6,000 na mibofyo 126, yaani asilimia 2.1, ilhali video zake nyingine hupata takriban asilimia 5 katika juma la kwanza. Lakini asilimia 74 ya walioifungua walikuwa bado wanatazama ilipofika sekunde ya 30, na kwa wastani kila mmoja alitazama dakika 4.4. Basi waliongia waliridhika. Tatizo ni kwamba wengi hawakuingia.

Kabla ya kukihukumu kichwa, bwana shamba aligawa maonyesho hayo kulingana na mahali yalikotokea. Hatua hii ni ya lazima. YouTube ikianza kuipeleka video kwenye kurasa za mwanzo za watu wasioifahamu chaneli, kiwango cha kubofya hushuka hata kama kichwa ni kizuri, kwa kuwa wageni hawana hamu sawa na wafuasi wa zamani. Katika utafutaji hali ni tofauti: mtu ameandika mwenyewe anachokitaka. Hapo video ilikuwa na maonyesho 1,500 na mibofyo 27 tu, yaani asilimia 1.8. Orodha ya maneno yaliyotafutwa ilionyesha "dumuzi wa mahindi" na "kuhifadhi mahindi". Katika kichwa hapakuwa na neno "dumuzi" wala neno "mahindi". Aliyetafuta dawa ya dumuzi hakujua kwamba amekwisha kuipata.

Kichwa kikabadilishwa kuwa: "Kuzuia Dumuzi wa Mahindi kwa Mfuko Usiopitisha Hewa". Kijipicha kiliachwa vilevile, kwani vitu viwili vikibadilishwa kwa pamoja haijulikani kipi kimeleta matokeo. Katika siku 7 zilizofuata kulikuwa na maonyesho 5,000 na mibofyo 240, yaani asilimia 4.8. Katika utafutaji peke yake kiwango kilipanda hadi asilimia 7. Waliobaki hadi sekunde ya 30 walikuwa asilimia 71, na wastani wa kutazama ukawa dakika 4.2. Upungufu huo mdogo ni wa kutarajiwa wageni wanapoongezeka.

Hatari ya kichwa cha uongo

Na idhaniwe sasa kwamba bwana shamba angeandika: "Siri ya Kuua Dumuzi kwa Siku Moja". Huenda kiwango cha kubofya kingefika asilimia 9.4, naye angefurahi. Lakini kama ni asilimia 38 tu wangebaki hadi sekunde ya 30, na wastani wa kutazama ukawa dakika 1.9, furaha hiyo isingekuwa na msingi. Vichwa vitatu hivi hulinganishwa vyema kwa kukokotoa dakika zinazotazamwa kwa kila maonyesho 1,000. Kichwa cha kwanza huleta mibofyo 21, ambayo ikizidishwa kwa dakika 4.4 ni dakika 92. Cha pili huleta mibofyo 48 kwa dakika 4.2, yaani dakika 202. Kile cha uongo huleta mibofyo 94 kwa dakika 1.9, yaani dakika 179. Kilivuta karibu mara mbili ya watu, kikafundisha kidogo zaidi, na kuwaacha wengi na kinyongo.

Mipaka ya hesabu hizi

Hesabu ndogo hudanganya. Idadi ya mibofyo hupanda na kushuka kwa bahati tu, kwa kadiri ya kipeuo cha pili chake. Mibofyo 126 huyumba kwa takriban 11, jambo lisilotikisa hukumu. Mibofyo 4 huyumba kwa 2, yaani nusu yake. Kwa hiyo video yenye maonyesho 200, iliyotoka asilimia 2 hadi 4, haijathibitisha lolote. Vilevile msimu hubadilisha watafutaji: baada ya mavuno wenye shida ya dumuzi huongezeka, nacho kiwango chaweza kupanda bila kichwa kuguswa. Ndiyo sababu yafaa kulinganisha maonyesho ya mahali pamoja, katika majuma yanayofuatana.

Kwa ufupi, mibofyo ikiwa michache na waliongia wakabaki, kichwa kiandikwe upya ili kitaje kile wanachokitafuta watu. Mibofyo ikiwa mingi na watu wakakimbia mapema, kichwa kipunguziwe ahadi, au jambo lililoahidiwa lisogezwe mwanzoni mwa video. Vyote viwili vikiwa chini, kichwa kipya peke yake hakitatosha. Video yenyewe haina budi kutazamwa upya.