Nyumba Moja au Nyingi? Usomaji wa Waraka Uliogawika Katika Picha

Makala haya yanachunguza tatizo linalomkabili mwanafunzi anayenukuu kwa hati za Kirumi waraka wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, hasa pale ambapo wenyewe wameridhia upigwe picha lakini usitoke nyumbani. Mfano unaotumiwa ni wa kubuni: wasia wa shamba la Kisauni, uliopigwa picha tano.

Picha ya pili inaishia kwa maneno “nimemwachia mwanangu shamba na nyumba”. Anayenukuu picha mojamoja huweka nukta hapo, na mfasiri akaelewa kuwa mrithi amepata nyumba moja. Kumbe picha ya tatu inaanza hivi: “zilizomo ndani yake”. Nomino ya ngeli ya I-ZI haidhihirishi idadi kwa umbo lake. Idadi hubebwa na kipatanishi, nacho hapa kimeangukia picha nyingine. Nukta moja imempunguzia mrithi mali.

Kwa hiyo picha huunganishwa kwanza, ndipo sentensi zikatwe. Maandishi yote huwekwa katika mfululizo mmoja, na alama kama [picha 3] huingizwa katikati ya sentensi bila ya kuanza aya mpya. Ikumbukwe kwamba nyaraka nyingi za aina hii hazina vituo; kila nukta ni uamuzi wa mnukuzi. Wakati wa kupiga picha, ni vyema kila picha irudie mistari miwili ya mwisho ya iliyotangulia. Mistari hiyo ikilingana, hakuna kilichorukwa. Kisha hunukuliwa mara moja tu. Baadhi ya waandishi wa kale walikwisha kulifikiria jambo hili: chini ya ukurasa waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Neno hilo lisinukuliwe mara mbili.

Tatizo la istilahi ni gumu zaidi. Katika maandishi ya zamani herufi ف huweza kusimama kwa /f/ na kwa /v/, hivyo “kufua” na “kuvua” huandikwa sawa. Picha ya kwanza inataja “watu wa kuvua”, na kwa kuwa shamba limepakana na maji, msomaji hashuku kitu. Katika picha ya nne neno lilelile linafuatwa na “nazi”. Hapo inabainika kuwa wanaotajwa ni wafuaji wa nazi, na mnukuzi hana budi kurudi picha ya kwanza. Kurudi huko hurahisishwa na daftari linaloonyesha kila neno tata, lilivyosomwa, picha na mstari wake.

Hata hivyo, daftari lisitumiwe kama amri. Iwapo picha ya tano inasema kwa herufi zizo hizo kwamba mwana ana haki ya “kuvua samaki”, usomaji wa hapo ni mwingine. Na pale ambapo muktadha hauamui, huandikwa usomaji mmoja ndani ya matini, na wa pili katika tanbihi.