USHAURI: Dodoso langu limenipa alfa ya 0.10

*Nafundisha shule ya msingi hapa Nakivale, na kila wikendi nasoma Mbarara. Nimeandika dodoso kuhusu hali ya shule, yaani usalama na jinsi watoto wanavyotendewa. Lina maswali matano, na majibu yanaanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 4 (nakubali kabisa). Nimelijaribu kwa wanafunzi 30, kwa Kiswahili. Alfa imetoka 0.10, na msimamizi wangu anataka angalau 0.70. Je, nitupe yote nianze upya? — Mwalimu wa Isingiro*

Mwalimu, usitupe kitu. Jedwali ulilonitumia linaonyesha makosa mawili, na yote mawili yanatengenezeka.

Alfa ya Cronbach hupima kama maswali yanakwenda pamoja: mtoto anayetoa alama ya juu kwenye swali moja, je, huelekea kutoa ya juu kwenye mengine? Hesabu yake ni hii:

```
alfa = k/(k-1) × (1 - jumla ya varianzi za maswali / varianzi ya jumla)
```

Varianzi ni kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika, na k ni idadi ya maswali. Kwako varianzi za maswali matano zikijumlishwa ni 4.5, na varianzi ya alama za jumla ni 4.9. Kwa hiyo 1.25 × (1 − 4.5/4.9) = 0.10.

Sasa tazama swali la 4: "Wenzangu hunicheka ninapoongea." Mengine yote yanasifu shule, hili linalalamika. Mtoto mwenye furaha huandika 4 kwingine na 1 hapa, na wewe umejumlisha bila kugeuza. Geuza kila alama ya swali hili kwa kutoa 5 − alama, ili 1 iwe 4 na 2 iwe 3. Nimefanya hivyo kwenye jedwali lako: varianzi ya jumla imepanda hadi 10.7, na alfa imekuwa 0.72.

Msimamizi wako ataridhika, lakini mimi bado. Swali la 3, "Mwalimu hanipigi," lina uhusiano wa 0.14 tu na jumla ya maswali mengine. Chini ya 0.30, swali hilo linastahili kutiliwa shaka. Ukiliondoa, alfa inafika 0.80, lakini usiliondoe kabla hujajua lina kasoro gani.

Kasoro ni ule ukanushi. Kwa Kiswahili, mtu akikuuliza "Hujala?" unajibu "Ndiyo, sijala." Mtoto mwingine, aliyezoea Kiingereza cha darasani, atajibu "Hapana, sijala." Sasa mpe "Mwalimu hanipigi" na kisanduku cha "sikubali kabisa": mmoja anakataa kupigwa, mwingine anakataa kwamba hapigwi, na wote wawili wameweka alama palepale. Mkalishe mtoto mmoja mmoja, watoto sita au wanane, umwambie: "Hebu nieleze kwa maneno yako swali hili linauliza nini." Utazisikia maana zote mbili mwenyewe.

Kisha uliandike bila "ha-" wala "si-", na uulize mara ngapi badala ya kukubali: "Wiki iliyopita, mwalimu alinipiga: mara sifuri / mara moja / mara mbili au tatu / zaidi ya hapo." Nalo utaligeuza kama la 4. Kumbuka kwamba sheria ya watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni, hivyo mtoto anaweza kujua kwamba jibu lake linaweza kumponza mtu. Dodoso lisiwe na jina, na asiyemfundisha ndiye alisimamie darasani.

Ukitaka kulipeleka dodoso hilohilo shule za Mbarara mjini ulinganishe, angalia lugha. Kule watoto wengi nyumbani wanasema Kinyankore. Kwako wako wa Kiswahili, wa Kinyarwanda na wa Kisomali. Ukilitafsiri kwa lugha hizo, kila tafsiri mpe mtu mwingine ambaye hajaliona dodoso la kwanza airudishe kwenye Kiswahili, kisha ulinganishe. Lifanyie majaribio katika kila lugha na upige hesabu ya alfa ya kila lugha peke yake. Alfa ya kundi lililochanganywa inaweza kupendeza huku tafsiri moja imeharibika, na tofauti utakayoiona kati ya Nakivale na Mbarara itakuwa ya maneno, si ya shule.

Mwisho, alfa haisemi kama jibu la leo litabaki lilelile kesho. Wape watoto walewale dodoso tena baada ya wiki mbili, kwa namba za siri, ulinganishe alama zao. Na watoto 30 ni wachache: alfa yao huyumba kutoka darasa hadi darasa, kwa hiyo ongeza idadi kabla hujaiandika 0.72 kwenye ripoti yako.

Anza na wale watoto sita au wanane. Swali la 3 litakapoeleweka kwa namna moja na wote, ndipo urudi kwenye hesabu.