SOMO LA NYUMBANI: KUGANDISHA KRIMU KWA MTINDI

Wengi wetu tulikulia Masisi na Minembwe, kwenye baridi ya milimani, tukaona mama zetu wakisuka maziwa kwenye kibuyu. Siagi ilitolewa, na maziwa yaliyobaki ndiyo mtindi, ambao wengine tunauita amacunda. Mtindi huo ukitiwa kidogo katika krimu, yaani mafuta ya juu ya maziwa, krimu yote inaganda na kuwa chachu, nzito, tamu kwa viazi na kwa ugali. Lakini hapa makazini wengi wamejaribu wakashindwa, hata mimi mwenyewe. Somo hili linaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewe kinachofanya kazi. Ndani ya mtindi mna vijidudu vizuri vilivyo hai. Vinakula sukari ya maziwa na kutoa uchachu, na uchachu huo ndio unaogandisha. Kwa hiyo mtindi uliochemshwa haufai, maana vijidudu vyake vimekufa.

Tujifunze kwa mfano wa lita 5 za maziwa mabichi.

1. Mimina maziwa katika sufuria pana, funika, uiweke ndani ya beseni la maji baridi usiku mzima. Asubuhi engua krimu ya juu kwa kijiko. Tuseme umepata vikombe 2. Maziwa yaliyobaki yachemshe kabla ya kuwapa watoto.

2. Weka krimu kwenye moto mdogo, ukikoroga, mpaka mapovu madogo yaonekane pembeni. Iache katika joto hilo dakika 5. Usiruke hatua hii. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, ambayo humshika mtu pia. Uchachu pekee hauondoi hatari hiyo.

3. Funika, uiache ipoe. Chovya kidole kilichonawa kwa sabuni katika kijiko cha krimu hiyo, si ndani ya sufuria. Kidole kisisikie moto wala baridi.

4. Tia vijiko 4 vya mtindi, yaani vijiko 2 vya chakula kwa kila kikombe. Koroga polepole, mimina katika chupa iliyooshwa kwa maji ya moto, ufunike kwa kitambaa safi.

5. Iache bila kuitikisa. Kule milimani ilichukua siku nzima au zaidi. Hapa kwenye joto itazame baada ya saa 8. Mara nyingi inakuwa tayari kabla ya saa 12. Inamisha chupa: krimu ikisogea yote pamoja kama uji mzito, imeganda.

Mimi nilikosea hatua ya tatu. Nilikuwa na haraka, nikatia mtindi wakati krimu bado inachoma kidole. Asubuhi nilikuta krimu nyepesi kama jana yake. Nililaumu mtindi, kumbe niliua vijidudu kwa moto wangu mwenyewe.

Kosa la pili ni la mtindi wenyewe. Ukitoka kibuyuni kwa maziwa mabichi, utarudisha ugonjwa ule ule uliouondoa kwa moto. Anza na mtindi au maziwa lala ya dukani yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, yale yanayowekwa kwenye friji. Pakiti zinazokaa miezi rafuni bila baridi mara nyingi zimepikwa baada ya kuganda, hazina uhai. Ukishaanza vizuri, gandisha maziwa yako yaliyochemshwa na kupoa, yasuke katika chombo safi, na mtindi unaobaki uutumie mara inayofuata.

Krimu nzuri inanuka uchachu safi. Maji kidogo pembeni si kosa. Yachuje kwa kitambaa. Lakini ukiona ukungu, rangi ya waridi, mapovu mengi, au ikiwa chungu, mwaga yote. Usionje mara ya pili wala usijaribu kuikwangua juu.

Bila friji uchachu unaendelea kupanda, basi iliwe siku hiyo hiyo. Kwa hiyo pika kiasi cha nyumba yako tu. Ukiitia katika sombe, epua sufuria kwanza, maana ikichemka inakatika vipande vipande.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA
1. Kwa nini krimu ipoe kabla ya kutia mtindi?
2. Mtindi wa maziwa mabichi una hatari gani, hata kama krimu imechemshwa?
3. Utajuaje kwamba krimu imeganda, na utajuaje kwamba imeharibika?