RUTA YA AKIBA ILIYOSAHAULIKA NA HITILAFU ZA MTANDAO MAOFISINI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotumia mtandao wa kompyuta wanafahamishwa juu ya hitilafu moja ambayo mara nyingi hupewa sababu isiyokuwa yake. Dalili yake ni kwamba baadhi ya kompyuta za ofisi hupata intaneti na nyengine hazipati, na zile zisizopata leo huenda zikapata kesho bila ya kuguswa na mtu. Kwa kuwa haina mpango unaoonekana, kila mmoja huifasiri kwa namna yake. Wapo wanaosema ni mvua. Wapo wanaoilaumu bahari, na hilo halishangazi, kwani mwezi wa Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliharibika na intaneti ikazorota kweli katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, waya wa baharini ukikatika huathiri ofisi nzima. Hauchagui meza ya Mhasibu na kuiacha ya Karani wa Masjala.

Ili jambo hili lieleweke, ichukuliwe kwa mfano ofisi moja ya wilaya yenye kompyuta 22, printa mbili na kompyuta moja ya kuhifadhia mafaili. Ofisi hiyo inaunganishwa na intaneti kwa ruta moja iliyowekwa katika chumba cha Afisa Tawala, na anwani ya ruta hiyo ni 192.168.1.1. Katika wiki ya kutayarisha mishahara, kompyuta sita zilikosa intaneti. Siku ya pili zikawa tisa, lakini mbili kati ya zile sita za mwanzo zilikuwa zimepona. Orodha ya mishahara ilikuwa ipelekwe kwa njia ya mtandao kabla ya siku ya Ijumaa, na kompyuta ya Mhasibu ilikuwa miongoni mwa zilizokosa. Tayari ilikwisha kuandikwa barua ya kuomba kompyuta mpya, na kampuni inayoleta intaneti ilikuwa imekwisha kulalamikiwa mara mbili. Kampuni ilijibu kwamba kwa upande wake hakuna kasoro, na jibu hilo lilikuwa la kweli.

Jambo lililostahiki kuangaliwa mapema ni kwamba kompyuta zote zilizokosa intaneti ziliendelea kuchapisha na kufungua mafaili ya pamoja kama kawaida. Kwa hiyo waya zake zilikuwa nzima. Zilichokosa ni njia ya kutokea nje ya ofisi tu.

Kompyuta inapowashwa haijui anwani yake wala haijui lango la kutokea. Hupiga mbiu katika mtandao mzima kuuliza ni nani awezaye kuipa anwani. Kifaa chenye kazi ya kugawa anwani hujibu kwa kuitolea kompyuta mambo matatu makubwa: anwani ya kutumia, anwani ya lango, na anwani ya mahali pa kuulizia majina ya tovuti. Utaratibu huu huitwa DHCP. Uliandikwa na Ralph Droms mwaka 1993 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1997, nao ndio unaotumika hadi leo. Unarahisisha kazi sana, lakini una jambo moja la kutahadhari nalo: katika matumizi ya kawaida kompyuta haimuulizi mgawaji kwamba yeye ni nani, wala nani aliyemruhusu kugawa. Mbiu husikiwa na wote. Wakiwepo wagawaji wawili, wote wawili hujibu, na kwa kawaida kompyuta hulipokea jibu lililotangulia kufika.

Katika ofisi ya mfano huu mgawaji wa pili alikuwepo. Wakati ofisi ilipobadilisha kampuni ya intaneti, ruta ya zamani iliwekwa akiba katika kabati la Masjala. Baadaye ililetwa kompyuta ya pili katika chumba hicho, na ukutani palikuwa na tundu moja tu la mtandao. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliitoa ile ruta na kuitumia kama kigawanyio: waya wa ukutani aliuchomeka katika tundu moja la LAN, na kompyuta mbili katika matundu mengine ya LAN. Kompyuta zote mbili zikafanya kazi, na ruta ikasahauliwa nyuma ya kabati. Ilikuwa ingali na mpango iliotoka nao kiwandani, yaani anwani 192.168.1.254 na mgao wa anwani ukiwa umewashwa. Kila ilipousikia wito, ilijibu, na lango iliyolitaja ni yenyewe. Tundu lake la WAN lilikuwa tupu. Kila kilichopelekwa kwake ili kitoke nje kiliishia hapo.

Tundu lililotumika ndilo lililoleta madhara. Lau waya wa ukutani ungechomekwa katika tundu la WAN, ruta ingegawa anwani kwa vile vilivyo nyuma yake tu, na ofisi nyengine zisingeguswa.

Mfano huu ni mgumu kuugundua kuliko mingi. Aghalabu ruta ngeni hugawa anwani za namna tofauti kabisa, na tofauti hiyo huonekana mara moja. Hapa ruta zote mbili ziligawa anwani zinazoanza na 192.168.1, na mtazamaji wa haraka angeziona zote kuwa sahihi. Ndiyo maana inafaa kulinganisha kompyuta nzima na kompyuta yenye hitilafu, badala ya kuikagua moja peke yake. Katika kila moja hufunguliwa dirisha la amri la Windows na kuandikwa:

```
ipconfig /all
```

Katika kompyuta ya Karani, iliyokuwa nzima, ilisomeka hivi:

```
IPv4 Address    : 192.168.1.37
Default Gateway : 192.168.1.1
DHCP Server     : 192.168.1.1
```

Na katika kompyuta ya Mhasibu:

```
IPv4 Address    : 192.168.1.112
Default Gateway : 192.168.1.254
DHCP Server     : 192.168.1.254
```

Mstari wa DHCP Server humtaja aliyeigawia kompyuta anwani, na mstari wa Default Gateway hutaja lango lililogawiwa. Afisa Tawala akiijua ruta yake kuwa ni 192.168.1.1, basi 192.168.1.254 ni mgeni asiyealikwa. Kwa kuthibitisha, kompyuta ya Mhasibu iliamriwa `ping 192.168.1.1` na ikajibiwa bila ya tabu. Iliweza kulifikia lango la kweli. Haikuwa imeambiwa tu kwamba hilo ndilo lango.

Hapa pana sababu pia ya kompyuta kupona na kuugua bila ya mpango. Anwani haitolewi moja kwa moja, bali huazimwa kwa muda maalumu, na katika ofisi hii muda huo ulikuwa saa 24. Nusu ya muda ikishapita, kompyuta humrudia yule yule aliyeiazima ili aiongezee. Na ikizimwa jioni na kuwashwa asubuhi, mara nyingi huomba ile ile anwani ya jana. Kwa hiyo kompyuta iliyokwisha kuangukia kwa ruta ya akiba huelekea kubakia kwake, na kuizima na kuiwasha hakuisaidii. Ile iliyokaa siku nyingi bila ya kuwashwa huanza upya, na huko bahati ndiyo huamua.

Kazi iliyobaki ni kuitafuta ruta yenyewe, nayo huhitaji subira zaidi kuliko elimu. Katika kompyuta yoyote ya ofisi huandikwa `ping 192.168.1.254` na kisha `arp -a`. Mbele ya anwani hiyo, chini ya maneno Physical Address, hutokea jozi sita za tarakimu na herufi. Jozi tatu za mwanzo kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji wa kifaa, na namba kama hiyo hubandikwa chini ya ruta nyingi, ingawa pengine hutofautiana kidogo mwishoni. Namba hii humwezesha mtafutaji kuhakikisha kwamba kifaa alichokipata ndicho chenyewe.

Kama swichi ya mtandao ni ya aina inayosimamiwa, orodha yake ya anwani itaonyesha namba hiyo imetokea tundu gani. Kama ni ya kawaida, kompyuta moja huachwa ikiuliza mfululizo kwa amri hii:

```
ping -t 192.168.1.254
```

Kisha waya huchomolewa katika swichi mmoja mmoja na kurejeshwa, isipokuwa waya wa kompyuta inayouliza. Majibu yakikatika, waya uliochomolewa ndio unaoelekea kwenye ruta. Katika ofisi ya mfano ulikuwa waya wa kumi na nne, na ulielekea Masjala. Inashauriwa kazi hii ifanywe baada ya saa za kazi, kwani kila waya unaochomolewa hukatisha shughuli za mtu. Aidha, waya unaweza kuelekea kwenye swichi nyengine chumba cha pili, na huko kazi itaanza tena.

Ruta ikishaondolewa, kompyuta haziponi zote papo hapo. Iliyoachwa ikiwaka huendelea kulishika lango lile mpaka muda wa azima umalizike, kwa hiyo malalamiko ya siku ya pili yasichukuliwe kuwa ni dalili kwamba kosa halikupatikana. Asiyetaka kusubiri ataiamuru kila kompyuta irejeshe anwani na kuomba upya:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
```

Simu zilizounganishwa kwa waifai huzimiwa waifai na kuwashiwa tena. Zikikataa, jina la mtandao hufutwa katika simu na kuingizwa upya. Kompyuta ya Mhasibu ilipata lango la kweli kwa amri hizo mbili, na ile barua ya kuomba kompyuta mpya ilirejeshwa kutoka kwa aliyeipokea.

Ofisi inayohitaji matundu zaidi inashauriwa kununua swichi ndogo, ambayo haigawi anwani. Pakiwa hapana budi kutumia ruta ya akiba, kwanza iunganishwe na kompyuta moja peke yake, mgao wake wa anwani uzimwe, na ipewe anwani isiyotumiwa na kifaa chengine na isiyokuwamo katika zile zinazogawiwa na ruta kuu. Baada ya hapo ndipo ichomekwe katika mtandao kwa tundu la LAN. Ikumbukwe kwamba kitufe kidogo cha nyuma, kikibonyezwa kwa sekunde kadhaa, huirejesha ruta katika mpango wa kiwandani na mgao huwaka tena. Kwa sababu hiyo maneno "MGAO UMEZIMWA" yakibandikwa juu yake, yaandikwe na tarehe. Ofisi zenye swichi zinazosimamiwa zinaweza kumtaka fundi awashe kinga iitwayo DHCP snooping, ambayo huruhusu majibu ya mgao yapite kwenye tundu la ruta kuu tu. Fundi huyo aelezwe kwanza ruta kuu imechomekwa tundu gani, kwani akikosea tundu hilo, ofisi nzima itakosa anwani.